Kujenga misuli bila nyama wala kopo: kipimo cha maharage ndicho kimepungua

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Mbeya, Soweto, nina miaka 24 na kilo 65. Mimi ni Msabato, sili nyama, samaki wala mayai. Maziwa natumia nikiyapata. Nanyanyua vyuma mara nne kwa wiki, na kwa miezi kadhaa sasa mwili na nguvu vimesimama palepale. Asubuhi nakunywa chai na chapati mbili, mchana wali maharage kwa mama ntilie, jioni ugali wa sembe na mboga za majani, na karanga natafuna kila siku. Jamaa wa jimu wanasema protini ya mimea haijakamilika, bila kopo la poda najichosha bure. Kopo siliwezi. Je, nafaka, maharage na karanga vinaweza kunitosha, na nichanganye vipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Vinatosha, na kopo liache hukohuko dukani. Ila kwa sahani unayokula sasa hao jamaa zako hawajakosea sana, maana protini unayopata ni chache na sehemu kubwa inatoka kwenye nafaka. Nikikuambia tu “changanya maharage na ugali” sitakuwa nimekusaidia, kwa sababu tayari unachanganya. Lililobaki ni kiasi gani cha hiki kwa kiasi gani cha kile.

Protini yoyote imeundwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Viko 20, na 9 kati yake mwili hauwezi kujitengenezea, lazima uvile. Mahindi yana vyote 9, mchele pia, ngano pia. Hapa ndipo wengi hupotea, wakidhani kwenye mimea kuna kitu kilichokosekana kabisa. Hakuna. Kuna kimoja kilichopungua, kinaitwa laisini, na kwa nafaka karibu zote upungufu uko hapohapo. Maharage ni kinyume chake: laisini imejaa, ila yamepungukiwa na asidi nyingine iitwayo methionini, ambayo nafaka inayo ya kutosha. Ni kama fundi aliyeshushiwa matofali elfu na mfuko mmoja wa saruji: ukuta unaishia pale saruji inapoishia, na matofali yaliyobaki hayamsaidii. Mwili nao, laisini ikiisha, protini iliyobaki huichoma kama nishati tu.

Kipimo cha kukumbuka ni kimoja. Shirika la Afya Duniani na wenzake, katika viwango vyao vya 2007, wanataka kila gramu moja ya protini anayokula mtu mzima iwe na laisini kama miligramu 45. Protini ya mahindi ina 28 hivi, ya ngano karibu hivyohivyo, ya mchele kama 36. Maharage yana zaidi ya 65, na soya zaidi ya 60. Kwa hiyo maharage yana akiba ya kuifidia nafaka, lakini akiba hiyo ina mwisho wake.

Sasa karanga. Najua utashangaa, kwa sababu jimu nyingi za mtaani karanga ndiyo protini ya maskini. Karanga ina protini nyingi kweli, kama gramu 25 katika gramu 100, lakini laisini yake ni 36 tu kwa kila gramu. Kwa asili ni jamii ya kunde, ila kwa laisini inakaa upande mmoja na mchele. Hivyo ugali na mboga iliyoungwa karanga, chakula kitamu ambacho nakipenda mno, hakikamilishi chochote: umejumlisha upungufu na upungufu. Chukua gramu 200 za unga wa dona na gramu 60 za karanga, unapata protini kama gramu 32 yenye laisini 32 hivi kwa kila gramu. Toa karanga, weka gramu 100 za maharage makavu badala yake, unapata gramu 39 zenye laisini 51. Unga ni uleule.

Tena karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Anayetaka kufikisha gramu 100 za protini kwa karanga pekee atalazimika kula kama gramu 400 kwa siku, ambazo zina nishati ya zaidi ya kilokalori 2,200. Atanenepa tumbo kabla hajanenepa mkono. Mimi karanga nazipenda kwa kazi nyingine: zinaongeza nishati kwa mtu mwembamba anayefanya tizi, zinaongeza protini kidogo, na zinafanya mboga ilike. Ziache kwenye mpango wako, ila usizipe kazi ya maharage.

Tupige hesabu ya siku yako kama ulivyoieleza. Chapati mbili ni unga wa ngano kama gramu 120, zinakupa protini gramu 12. Sahani ya wali mchana, tuseme mchele gramu 150 ukiwa mbichi, ni gramu 10. Maharage ya mama ntilie ndiyo ninayoyatilia shaka. Siku moja chuja mchuzi wote pembeni ya sahani, uone punje zilizobaki. Mara nyingi ni vijiko vitatu vinne, sawa na gramu 40 za maharage makavu, na hapo nimemhesabia mama ukarimu. Hizo ni gramu 9. Ugali wa jioni, sembe gramu 250, ni 18. Mboga za majani 3. Karanga, tuseme gramu 50 kwa siku, ni 13. Jumla ni gramu 65.

Kwa mtu wa kilo 65 hiyo ni gramu moja kwa kila kilo ya mwili. Mtu asiyenyanyua chochote ingemtosha, kwani kiwango cha kawaida ni 0.83. Anayejenga misuli anahitaji karibu 1.6, na uchambuzi mkubwa wa tafiti nyingi uliotoka 2018 ulionyesha kwamba kwa wastani zaidi ya hapo faida huwa ndogo sana. Kwako ni gramu 104. Na laisini katika hizo 65 ni kama 36 kwa kila gramu, chini ya 45. Umepungukiwa mara mbili: protini haifiki, na hiyo iliyopo haitumiki yote. Unaona kwa nini mwili umesimama?

Kuhusu hofu kwamba mimea haijengi: mwaka 2021 watafiti wa Brazili walichapisha matokeo ya vijana waliofanya mazoezi ya vyuma kwa wiki 12, wengine wakila mimea mitupu, wengine wakila kila kitu, wote wakipata hizo 1.6 kwa kilo. Misuli na nguvu viliongezeka sawasawa. Nikuambie na upande wa pili, usije ukaambiwa jimu: wale wa mimea walijaziliziwa kwa poda ya soya ili wafikie kipimo. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kufikia kipimo, na soya ni chombo kizuri cha kukufikisha, hata ikiwa ya sokoni.

Kanuni ninayowapa watu ni hii: kwa kila mafungu mawili ya nafaka kavu, fungu moja la maharage makavu, kwa uzito. Hapo unapata ile 51 niliyoitaja. Ukienda matatu kwa moja unashuka hadi 47, bado uko salama lakini pembezoni, na kwa sembe uko chini zaidi. Ukifika matano kwa moja, ambao ndio ugali wa nyumba nyingi, uko 42 na umeshavuka mstari. Nasema kavu kwa sababu vikishapikwa macho hudanganya. Maharage yakiiva uzito huzidi mara mbili, na ugali nao umejaa maji. Pima kabla ya moto. Huna mizani? Kikombe cha chai cha kawaida cha robo lita, kikijazwa maharage makavu, ni karibu gramu 200, na kikijazwa unga ni kama gramu 140. Karanga za ujazo wa kiganja ni gramu 30 hivi.

Jambo moja la kukupunguzia wasiwasi: si lazima nafaka na maharage vikutane kwenye sahani ileile. Zamani ilifundishwa hivyo, na wapo wanaoendelea kufundisha. Mwili una akiba ya laisini inayosubiri kwa saa kadhaa, hivyo ukila chapati asubuhi na maharage mchana hesabu inakubali. Angalia siku nzima. Ila kwa anayenyanyua vyuma mimi bado napendelea kila mlo uwe na protini ya kutosha, gramu 20 na zaidi, badala ya kulimbikiza yote usiku.

Basi siku yako mpya iwe hivi. Chapati zikae za wikiendi. Asubuhi weka uji mzito wa ulezi gramu 50, unga wa soya gramu 30 na karanga za kusaga gramu 30. Bakuli hilo lina protini gramu 22, na nusu yake inatoka kwenye zile gramu 30 za soya. Mchana, makande ya nusu kikombe cha maharage, yaani gramu 100, na mahindi gramu 120, ni protini gramu 33. Mahindi yanadharauliwa kwa laisini, lakini yana liusini nyingi, asidi ambayo huwasha ujenzi wa misuli baada ya mlo, na ndiyo maana makande si ya kubezwa hata mbele ya kuku. Jioni, ugali wa dona gramu 200, maharage au njegere kavu gramu 80, na majani ya maboga yaliyoungwa karanga gramu 25. Hapo kuna gramu 44. Katikati ya siku kiganja cha karanga, gramu 8.

Jumla ni gramu 107, laisini kama 50 kwa kila gramu, methionini haina shida, na nishati inakaribia kilokalori 2,700, inayomtosha kijana wa kilo zako kuongezeka polepole. Kwa kuwa protini ya maharage haisagwi yote tumboni kama ya maziwa, siku za tizi ongeza nusu lita ya mtindi. Ina protini gramu 16 na laisini nzuri, na itakufikisha mahali ambapo hakuna ubishi. Siku usipoupata mtindi, rudia nusu bakuli ya ule uji.

Angalia kwamba sijakwambia njegere mbichi. Zile za kumenya zinazotoka Njombe na Iringa ni mboga nzuri, lakini zina maji mengi, na gramu 100 hazizidi protini gramu 5 au 6. Kavu zina 24. Viazi mviringo na parachichi pia ni vyakula vizuri vyenye protini gramu 2 tu kwa kila 100, usivipe nafasi ya maharage kwenye hesabu.

Kuhusu dona: najua sembe ni nyeupe na ugali wake unavutia, lakini ukikoboa unatoa kiini cha punje, na kiini ndicho chenye protini bora ya mahindi na sehemu kubwa ya laisini yake. Dona huharibika mapema kwa sababu ya mafuta ya kiini hicho. Saga ya wiki moja au mbili tu, ukisikia harufu ya mafuta makuukuu usipike. Kwenye makande, mahindi yaliyokobolewa nayaruhusu. Mazima yanakula mkaa mno, na kwa nusu kikombe cha maharage pembeni upungufu umeshafidiwa.

Sasa jikoni, maana hapa ndipo mipango mingi hufia. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Yamechemka, yanaruka, lakini hayana moto wa maji ya Dar es Salaam. Ndiyo sababu maharage yaleyale yanayoiva haraka Pwani huku yanakusumbua, na kijana aliyechoka na tizi anayaepua nusu. Maharage yasiyoiva vizuri yana vitu viwili vibaya. Kimoja huzuia kimeng'enya kinachosaga protini, kwa hiyo unakula gramu 20 na tumbo linafaidi chache. Kingine ni sumu ya asili iliyo nyingi hasa kwenye maharage mekundu, ambayo huleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Watu husema “maharage yamenikataa”. Mara nyingi hayakuiva.

Loweka usiku kucha kwa maji mengi, mara tatu ya maharage. Asubuhi mwaga maji yale, suuza, weka maji mapya. Kumwaga huku kunapunguza pia zile sukari zinazoleta gesi. Chemsha kwa nguvu nusu saa ya kwanza, yaruke kabisa, ndipo upunguze moto. Usiyaanzishe kwenye makaa yanayokufa ukategemea yaive taratibu, kwani moto mdogo hauui sumu ile. Kwa maharage mapya ya msimu, yaliyolowekwa, hesabu saa moja hadi moja na nusu. Ya mwaka jana yanaweza kugoma hata saa tatu. Ukinunua pale Mwanjelwa ama Sido, uliza ni ya mavuno ya lini. Uyole Njano ni aina ninayoipenda kwa sababu haina ubishi sufuriani.

Kujua yameiva, toa punje tano kutoka sehemu mbalimbali za sufuria, bana moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Zote tano zipondeke ziwe uji laini mpaka katikati. Ukiona kijicho cheupe chenye unga kama chaki ndani, bado. Nyanya na ndimu zisiingie kabla ya hapo, uchachu hufanya ngozi igome kulainika. Magadi yanaharakisha, ni kweli, lakini yanaua vitamini B1 na yanaacha ladha ya sabuni, na kwa mtu atakayekula maharage kila siku nisingeyapendekeza. Ukipata presha kuka ya kuazima au ya mtumba iliyo nzima, ndicho kifaa cha pekee ambacho ningekushauri ulipie, kwani hupandisha joto juu ya 100 na kuuondoa mwinuko wa Mbeya kwenye hesabu.

Kwa makande, mahindi huanza. Yaloweke sufuria yake, yachemshe saa nzima ndipo maharage yaliyolowekwa yafuate. Pika ya siku mbili. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku inakusaidia, lakini asubuhi na jioni chungu kirudishwe motoni hadi kichemke, na likitokea povu au harufu ya uchachu mwaga. Wewe Ijumaa ya maandalio tayari unapika ya Sabato, basi chungu kikubwa kiwe siku hiyo.

Soya nayo ina masharti yake. Usisage mbichi kamwe, kile kizuizi cha kusaga protini ni kikali kwenye soya kuliko maharage. Chagua, osha, kisha itumbukize kwenye maji ambayo tayari yanachemka, usiiweke kwenye maji baridi. Maji yanayochemka huzuia ile harufu ya kunde mbichi inayowafanya watu waikimbie. Ichemke nusu saa, hamishia maji baridi, isugue kwa viganja maganda yatoke na kuelea, yamwage. Anika jua la kutosha hadi ikauke kabisa, kaanga kavu hadi iwe rangi ya kahawia nyepesi, ndipo upeleke mashine. Ikiungua ikawa nyeusi umeua laisini uliyokuwa unaitafuta. Soya ya Songea hufika Mbeya, na kilo mbili zinakutosha miezi miwili kwa kiasi nilichokupa. Unga wa lishe wa madukani siulaumu, ila huwezi kujua soya ni kiasi gani wala kama ilichemshwa.

Linganisha na kopo, kwa kuwa limekusumbua. Kilo moja ya poda ya kawaida ina protini kama gramu 750. Kilo mbili za soya zina kiasi hichohicho. Maharage, kilo tatu na nusu. Bei za maharage zinapanda na kushuka kwa msimu, hivyo fanya hesabu mwenyewe siku ya soko: bei ya kilo gawa kwa 220 kama ni maharage, 360 kama ni soya, 250 kama ni karanga, 750 kama ni poda, upate bei ya gramu moja ya protini. Sijawahi kuona msimu ambao poda ilishinda.

Karanga na mahindi vina hatari moja ambayo sitaificha, sumukuvu. Ni sumu ya ukungu, huharibu ini, na haitoki kwa kukaanga wala kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, mahindi yakiwa chanzo. Wewe utakula vyote viwili kila siku, kwa hiyo nunua karanga nzima, si za kusagwa tayari, kwani kwenye unga hakuna unachoweza kukagua. Mimina kwenye ungo, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizopasuka na zenye vumbi la kijani au kijivu. Ukitafuna moja ikawa chungu, tema, usimeze kwa aibu. Mahindi nayo yawe makavu kiasi cha kulia yakimwagwa.

Usianze yote Jumatatu. Kutoka gramu 40 za maharage hadi 180 kwa siku moja tumbo litajaa gesi na utaacha kabla ya Ijumaa. Wiki ya kwanza badilisha kifungua kinywa tu. Ya pili ongeza makande mara tatu. Ya tatu jaza vyote. Chai ya rangi isikae karibu na mlo wa maharage, saa moja kabla au baada, kwa sababu inazuia madini ya chuma ambayo kwa asiyekula nyama yanatoka humohumo. Kipande cha chungwa au ndimu mwishoni mwa mlo hufanya kinyume, kinayasaidia kuingia.

Na kuna kirutubisho kimoja ambacho maharage, nafaka na karanga havina hata chembe: vitamini B12. Umesema maziwa unatumia ukiyapata. Yapate. Nusu lita kwa siku ya maziwa au mtindi inakaribia mahitaji yote. Ukiamua kuyaacha kabisa, basi hapo ndipo nunua vidonge vya B12 duka la dawa, na usiviruke, kwa kuwa akiba ya mwili huchukua miaka kuisha na ikiisha huanza na uchovu, ganzi ya vidole vya miguu, ulimi kuwa mwekundu na laini. Kama umewahi kuambiwa una tatizo la figo, usifuate mpango huu kabla ya kupimwa.

Jipime uzito asubuhi moja kila wiki, kabla ya kula, na andika kilo unazonyanyua. Ongezeko la gramu 150 hadi 300 kwa wiki ni zuri. Uzito ukikaa palepale wiki tatu na unakula kila nilichoandika, usiongeze maharage, ongeza ugali au viazi: protini imetosha, nishati ndiyo haijatosha. Kiuno kikipanda huku vyuma vimesimama, punguza karanga kwanza. Na ukipungua nguvu ilhali unakula vizuri, kapime damu wingi wake kabla hujabadilisha kitu kingine.